Babu yako hakuuza kitu

"Mama, nimeikodolea macho picha ya barua ya babu mpaka yananiuma. Mstari wa nne nasoma 'nimeuza vipande viwili'. Aliuza vipande vya nini huko Tanga?"

Mwanangu,

Neno hilo ni "nimemaliza". Baba aliandika kwa kalamu ya kuchovya, na kalamu ile mkono ukishuka huacha mstari mnene, ukipanda huacha mwembamba kama unywele. Ile myembamba ndiyo hutangulia kufifia. Ndiyo maana m, n na u zimebaki vijiti vitupu, na kitanzi cha l hakipo tena. Usikisie neno zima, hesabu vijiti. Herufi u ina viwili tu, lakini kati ya "nime" na "za" mimi nimehesabu sita: vitatu vya m, kimoja cha a, cha l na cha i, na nukta imebaki juu ya cha mwisho.

Sikuviona kwenye picha kama ulivyoituma. Niliifungua kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, nikaenda Colors > Components > Decompose, nikachagua RGB, nikabakiza tabaka la bluu peke yake. Wino uliogeuka kahawia huwa mweusi humo. Kwenye tabaka jekundu karibu unatoweka.

Sasa vipande. Manamba wa mkonge alipewa kadi yenye nafasi 30, nayo ndiyo kipande. Akimaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo, nafasi moja inajazwa. Asipoimaliza, siku hiyo haihesabiwi, na mshahara hutoka kipande kikijaa. Kwa hiyo anamwambia mama kwamba amefanya kazi siku 60 zilizohesabiwa.

Lakini hapo ndipo niliposhtuka. Barua ni ya Agosti 1952, na mstari wa pili anasema alifika Aprili. Hata ukitoa Jumapili zote, siku 60 ni chache mno kwa miezi minne. Nyingine zilikwenda wapi? Nikarudi mstari wa sita, pale ulipoandika "haisomeki". Kuna msitu wa vijiti, kisha b iliyosimama wima, kisha a. Kiswahili chenyewe kikanisaidia, maana silabi zake karibu zote huishia kwenye irabu: m, w, i, ba. Mwiba. Na neno linalofuata lina g yenye mkia na u mbili: mguu. Jani la mkonge lina mwiba mkali nchani, nao ulimchoma mguu. Wiki hizo alilala kambini, kipande hakijazwi. Kovu lile juu ya kifundo cha mguu tulizoea kuambiwa ni la utotoni.

Bado mstari wa mwisho, uliokatwa na mkunjo. Ipige picha tena jioni, taa ukiiweka pembeni, chini karibu usawa wa karatasi, ili mikwaruzo ya ncha ya kalamu itupe kivuli. Naona "usimwambie", halafu jina lenye herufi tano. Nataka kujua alimfichia nani.

Mama yako