Haachi Ndoa, Anaumwa

*Jambo Shangazi. Mtoto wetu wa miaka miwili alifariki kwa malaria miezi mitano iliyopita, na mke wangu ameshindwa kurudia hali yake. Alikuwa akiuza sambaza kule Kituku. Sasa amekaa tu nyumbani, hapiki, haogi mpaka aambiwe, na saa tisa za usiku yuko macho. Hata kulia halii tena. Ni kweli siku ya matanga nilimwambia kwamba alichelewa kumpeleka mtoto hospitali, lakini hayo yalikwisha. Mama yangu alizika watoto wawili akarudi shambani. Anasema huu ni uvivu. Juzi mke wangu alimpa mdogo wake vitenge vyake vizuri, akasema watoto wetu waliobaki watapata mama bora kuliko yeye. Naona anajitayarisha kuniacha. Nimrudishe kwao kabla hajanitia aibu?*
*Mume aliyechoka, Goma*

Mwanangu, pole kwa msiba. Barua yako imenitia hofu kuliko ulivyokusudia.

Mwanamke anayetaka kumwacha mumewe hufunga vitenge vyake katika mzigo, hagawi. Anayegawa vitu anavyovipenda na kusema kwamba watoto watapata mama bora, huenda anawaza kufa. Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, kaa naye faraghani umuulize kwa maneno ya wazi: "Je, unawaza kujiua?" Usiogope kwamba utampandikiza wazo hilo, kuuliza hakulileti, bali humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, au akinyamaza kwa namna itakayokutisha, asibaki peke yake hata usiku, dawa zote na sumu ya panya ziondoke nyumbani, na kukicha mwende kwa mganga wa hospitali. Akikuambia kwamba ameshapanga namna ya kufanya, msingoje kukicha.

Sasa nikujibu juu ya uvivu. Majonzi ya kawaida huja kama mawimbi ya ziwa: mama huona kiatu cha marehemu akalia mpaka akakosa pumzi, kisha baada ya saa moja jirani akasimulia kichekesho naye akacheka, akala, akaulizia bei ya sambaza. Anamlilia mtoto, lakini hajidharau. Hata akisikia sauti ya mtoto usingizini, hiyo peke yake si wazimu. Huyo anahitaji watu, chakula na muda, wala hahitaji vidonge. Mke wako hana mawimbi. Kwake ni ukungu usioondoka kutwa nzima: hapati ladha ya kitu chochote, usingizi unakatika alfajiri, mwili ni mzito hata kuoga kunamshinda, na anajiona hana thamani. Hali kama hiyo ikidumu majuma mawili, karibu kila siku, waganga huiita unyogovu, nao ni ugonjwa hata kama uliingia kupitia mlango wa msiba. Wewe unahesabu miezi mitano. Hata kutolia kwake, ulikokutaja katika barua yako, huweza kuwa sehemu ya ugonjwa huo.

Mama yako alifiwa na akainuka, namheshimu. Lakini je, kuna mtu aliyemwambia mbele ya waombolezaji kwamba yeye ndiye aliyemuua mtoto wake? Neno hilo umelipitia haraka katika barua yako, nami nimelisoma mara tatu. Kwako lilikwisha, kwake linarudi kila usiku saa tisa. Malaria ya mtoto mdogo huweza kugeuka kuwa kali ndani ya siku moja au mbili, na wewe pia ulikuwa nyumbani. Umwombe msamaha, na umwambie hayo mbele ya mama yako.

Msamaha huo hautamponya peke yake. Mpeleke kituo cha Tulizo Letu hapa Goma, au uanzie kwa muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wenu ukamweleze yote, hata habari ya vitenge. Watamhoji, na watapima kama hana upungufu wa damu au mimba, kwa maana uchovu una vyanzo vingi. Huenda wakampangia mazungumzo ya kila juma, huenda wakaongeza dawa. Dawa hizo huchukua majuma mawili hadi manne kabla ya kuonyesha nguvu, na hapo ndipo wengi huziacha wakisema hazifai. Wengine huziacha mara wanapopata nafuu, ugonjwa ukarudi. Kwa kawaida huendelea kumezwa miezi sita au zaidi baada ya nafuu, na huachwa polepole kwa maelekezo ya mganga. Usimnunulie vidonge vya usingizi vya barabarani: havitibu unyogovu, na katika nyumba yako ya sasa ni hatari. Mchungaji aje kuomba, ila maombi yasichukue nafasi ya siku ya miadi.

Kumrudisha kwao usikutaje tena mbele yake. Na vile vitenge, mwambie shemeji yako avitunze, asivishone.