Ninakunywa lita nne za maji, lakini choo bado ni kigumu

"Shangazi, ninauza sambaza katika soko la Kadutu, hapa Bukavu. Tangu miezi miwili choo changu ni kigumu, kinatoka vipande vidogo kama mavi ya mbuzi. Niliambiwa ninywe maji mengi. Sasa ninamaliza lita nne kwa siku, ninakojoa tu. Vyoo vya soko vinanichukiza, kwa hiyo ninajizuia hadi nirudi nyumbani jioni. Niongeze maji tena?"

Usiyaongeze, mama. Kila siku utumbo mwembamba hupokea lita nane au tisa za majimaji, na takriban mbili tu hutokana na vyakula na vinywaji. Nyingine ni mate, nyongo na majimaji yanayotolewa na tumbo lenyewe. Sehemu kubwa hufyonzwa na kuingia katika damu, na lita moja au moja na nusu tu ndiyo hufika kwenye utumbo mpana, ambao nao huendelea kufyonza hadi choo kinapotoka kikiwa na maji yasiyojaza hata kikombe kidogo. Figo huiondoa ziada, na ndiyo hiyo unayoikojoa. Maji zaidi humfaa mtu aliyekaukiwa, ambaye mkojo wake ni mchache na wa njano iliyokolea, na mtu anayekojoa kama wewe hayumo katika kundi hilo.

Mimi naona kisa kiko katika kule kujizuia. Choo kinachosubiri ndani tangu asubuhi hadi jioni huendelea kunyang'anywa maji, na haja ikizuiwa mara kwa mara hufifia. Kwa kawaida utumbo mpana huamka baada ya mlo wa kwanza. Basi amka mapema, unywe uji, kisha uende chooni kabla ya kupanda sokoni, hata kama haja si kali, ukae dakika chache bila kujikamua kwa nguvu.

Jambo la pili ni sahani yako. Ikiwa chakula chako cha kila siku ni bugali wa muhogo na hao sambaza, kina nyuzinyuzi chache, nazo ndizo huyashika maji yasifyonzwe yote. Ongeza maharagwe, lengalenga, sombe na papai, kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, maana ukizidisha ghafla tumbo litajaa gesi. Hapo lita mbili hivi kwa siku zitakuwa na kazi ya kufanya. (Kama unameza vidonge vya kuongeza damu, mwambie muuguzi, kwa sababu madini ya chuma hufunga choo.)

Yakipita majuma matatu au manne bila nafuu, nenda kituo cha afya. Nenda mara moja ukiona damu, ukikonda bila sababu, au tumbo likivimba huku unatapika na hata upepo hautoki. Katika hali hiyo usinywe dawa yoyote ya kuharisha kabla ya kupimwa.