Tawi halina majibu ya maswali yako ya usalama

*Mfumo wa benki mtandaoni umeniuliza maswali ya usalama niliyojiwekea miaka minne iliyopita na majibu nimeyasahau. Nimejaribu hadi ukajifunga. Laini niliyojisajilia ilipotea, sasa natumia nyingine. Je, tawi litanitajia majibu yangu, na niende na nini? Kuna kijana Kariakoo anasema ananifungulia kwa elfu hamsini. (Msomaji, Tabata)*

Ndugu msomaji, hakuna ofisa atakayekutajia majibu hayo, wala usimlaumu kwa hilo. Katika mfumo uliojengwa vizuri, majibu hayahifadhiwi kama ulivyoyaandika. Hugeuzwa kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka, na mfumo hulinganisha tu kile unachoandika leo na mfuatano huo. Kwa hiyo tawi huyafuta ya zamani, nawe ukajiwekea mapya. Kinachobaki tawini ni kuthibitisha kwamba wewe ndiye mwenye akaunti.

Nenda mwenyewe, kwa kuwa wakala wa mtaani hana mamlaka hayo, ukiwa na kitambulisho halisi cha NIDA, namba ya akaunti na simu yenye laini unayotumia sasa. Utajaza fomu na kuweka saini, ambayo italinganishwa na ile uliyoiacha ulipofungua akaunti. Ikiwa saini yako imebadilika, sema mapema ili ihuishwe kwanza.

Kwako wewe, tatizo kubwa zaidi ni laini. Namba ya uthibitisho hutumwa kwenye simu iliyo katika kumbukumbu za benki, nayo bado ni ile iliyopotea. Omba namba ya simu ibadilishwe kwanza, ndipo uombe kufunguliwa huduma. Ukigeuza mpangilio huo, ujumbe utakwenda kwenye laini usiyonayo na utarudi foleni. Kabla ya kutoka nyumbani, piga *106# uhakikishe kuwa laini mpya imesajiliwa kwa jina lako, kwa sababu iliyosajiliwa kwa jina la mke, mume au kaka huweza kukataliwa.

Sasa huyo kijana. Hao nimechoka kuwasikia, na wanaishi kwa dhana ileile kwamba majibu yapo mahali fulani na mjanja anaweza kuyachungulia. Hana mlango wa siri. Atakuomba namba ya kadi, namba ya siri na ujumbe wa uthibitisho utakaoingia kwenye simu yako, kisha atajisajili kwa jina lako kwenye simu yake, na maswali mapya ya usalama atayajibu yeye. Ofisa wa kweli wa benki haombi namba ya siri wala namba ya uthibitisho, si kwa simu wala dirishani, hata akikutajia jina lako kamili na tawi lako.

Ikiwa umeshampa chochote kati ya hivyo, usingoje tawi lifunguliwe: piga namba ya huduma kwa wateja iliyochapishwa nyuma ya kadi yako, uombe kadi na huduma ya mtandaoni vizuiwe, na namba ya simu ya kijana huyo uitume kwenda 15040, inakoripotiwa namba za matapeli.