Omba kabla uji haujanywewa: kuandika ombi la mchango ndani ya skripti ya video

Video yangu ya kwanza ya kuchangisha ilikuwa ya kikundi kidogo kinachopikia uji watoto wa shule moja ya msingi vijijini mkoani Singida. Ilikuwa na dakika mbili na sekunde kumi. Mtoto anatoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni, mwalimu anaeleza jinsi wanavyosinzia ikifika saa nne, mpishi anakoroga sufuria, watoto wanakunywa, wanacheka, muziki unapanda. Ndipo maandishi yanatokea: "Changia mradi wetu wa lishe. Kiasi chochote kinapokelewa." Tukaituma kwenye magrupu ya WhatsApp. Tukajibiwa "Mungu awabariki" na picha za mikono iliyofumbatwa. Pesa iliyoingia haikutosha gunia la mahindi.

Nilidhani watu ni wagumu. Kumbe kosa lilikuwa kwenye karatasi yangu.

Angalia mpangilio ule tena. Nilipofika kuomba, watoto walikuwa wameshakunywa. Mtazamaji aliyekuwa na donge kooni alishalimeza, na kwa macho yake tatizo lilikuwa limekwisha, hivyo akatupongeza na kuendelea na shughuli zake. Wengine hawakufika hata hapo, kwa sababu video ya simu huachwa njiani, na anayeacha kwenye sekunde ya arobaini hajui kwamba kuna mtu alitaka kumwomba chochote.

Kwa hiyo nikaikata hadi sekunde 95 na ombi nikaligawa mara mbili. La kwanza niliweka kwenye sekunde ya 36, mwalimu akiwa ametoka tu kusema kwamba unga uliobaki unaisha Ijumaa. Sufuria linaonekana, vikombe vimepangwa, hakuna aliyekunywa. Hapo anaongea mpishi. Sikumpa mtoto maneno ya kuomba, na nakushauri usimpe kamwe, hata mzazi akikubali. Mtoto anayeomba mbele ya kamera atakutana na video hiyo akiwa na miaka ishirini. Baada ya ombi la kwanza ndipo watoto wanakunywa, kwa ufupi sana, kisha ombi la pili linafunga video. La kwanza linasema kwa nini na kiasi gani. La pili linasema pesa ipite wapi. Ukiyachanganya yote mahali pamoja, mtazamaji anabeba vitu vitatu kwa mpigo na anaviangusha vyote.

Sasa maneno yenyewe. Hili ndilo ombi la kwanza kama lilivyotoka kwa mpishi: "Kikombe kimoja cha uji ni shilingi 500. Shilingi 10,000 zinamnywesha mtoto mmoja mwezi mzima wa masomo, siku 20. Naomba umlipie mmoja."

Yasome kwa sauti. Mimi hukadiria maneno mawili kwa sekunde, maana maneno ya Kiswahili ni marefu na mpishi si mtangazaji wa redio. Hayo ni kama sekunde kumi na mbili. Likizidi kumi na tano, futa kitu.

Tazama kitenzi. "Changia mradi" kina mradi ndani yake, na hakuna mtu aliyewahi kuuonea mradi huruma. "Umlipie" kina mtoto ndani, yuko pale katikati kwenye ile "m". Lugha yetu inakuruhusu kumweka mtu ndani ya tendo lenyewe, basi itumie: mlipie, mnunulie, mpelekee. Halafu sema na mmoja. "Tunaomba mtusaidie" huwaendea wote, na kila mmoja humwachia mwenzake. Ila usikimbilie amri tupu ya "lipia", kwa sababu video hii itafika kwa shangazi, kwa mzee wa kanisa, kwa mwalimu wako wa zamani. "Naomba umlipie" ina adabu na bado inamtaka mtu afanye jambo. "Unaweza kuchangia" ni ruhusa tu, nayo hakuna aliyeiomba.

Na "kiasi chochote"? Waandishi wengi wanaoanza wanaipenda kwa sababu wanaona haya kutaja pesa. Waulize kamati za harusi. Kadi ya mchango huja na kiwango, wa mmoja kiasi hiki na wa wawili kiasi kile, na watu wanatoa kwa sababu wameambiwa mahali pa kusimama. Ukisema chochote, mtoaji anabaki akijiuliza kama 2,000 ni aibu, na akiwaza hivyo kwa dakika moja ameshaondoka. Taja kiasi kwanza. Kama unataka kumfungulia mlango mwenye kidogo, ongeza baadaye: "Ukiwa na 500, ni kikombe cha leo." Kiasi kiwe cha kweli, hesabu yake ikae mezani kwa mweka hazina, kwa maana atatokea mtu atakayeuliza.

Ombi la pili ndilo lililonitoa jasho. Anayetazama kwa simu hulipa kwa simu hiyohiyo. Akitoka kwenye video kufungua menyu ya malipo, lipa namba uliyomwonyesha haiko tena mbele yake. Kuiacha kwenye kioo kwa sekunde tatu mwishoni ni sawa na kutoiweka. Kwa hiyo iandike ndani ya picha, iwe kubwa, ikae angalau sekunde kumi na mbili, isomwe mara mbili, tarakimu moja moja. Msomaji atenganishe "nne" na "nane", "sita" na "saba", maana kwenye spika ya simu ndani ya daladala zinafanana mno. Kisha iandike pia kwenye ujumbe unaoambatana na video, ili mtu aweze kuinakili. Usitegemee ujumbe huo peke yake, kwani video ikisambazwa maelezo yake yanaweza kubaki nyuma.

Na usiweke njia tano. Nimewahi kuona video ya dakika moja yenye lipa namba, akaunti mbili za benki, tovuti na namba ya mtu wa kupigiwa. Weka moja kwenye video, hizo nyingine ziwekwe kwenye ujumbe.

Kabla ya kuituma, mpe video mtu mmoja asiyehusika, mpe na 1,000 kwenye simu yake, umwambie alipe bila kukuuliza neno. Wewe kaa kimya uangalie vidole. Mimi nilimpa mama mmoja jirani yetu. Namba aliikamata vizuri, akaingiza kiasi, halafu akasimama kabla ya kuweka namba ya siri. Simu ilikuwa imemletea jina la mpokeaji, na halikuwa jina la kikundi. Lilikuwa jina la biashara lililosajiliwa miaka ya nyuma na mwenyekiti wao. "Huyu ni nani tena?" akauliza, akafuta. Ingekuwa kweli, tungempoteza hapo, na tusingejua kamwe.

Kubadilisha jina kungechukua wiki, na unga ulikuwa unaisha Ijumaa. Tukaongeza mstari mmoja kwenye ombi la pili, mpishi akarudi kurekodi: "Jina litakalotokea ni la mwenyekiti wetu," akalitaja, na tukaliandika chini ya namba, herufi kwa herufi kama linavyotokea kwenye simu. Ulikula sekunde nne. Nilizitoa kwenye muziki.