Bomba la tangi la nyumbani: unanunua tundu, si unene

Tangi likiwa juu ya mnara au paa na maji yakishuka yenyewe, presha unayopata ni ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kila mita moja ya kimo inakupa takriban bar 0.1. Kama kitako cha tangi kiko mita 3 juu ya kichwa cha shawa na maji yamepungua sana, shawa ina bar 0.3 tu, na humo humo zinatoka gharama za msuguano wa bomba lote, kila elbo na kila vali. Ndiyo maana swali la "bomba gani ni imara zaidi" linapotosha hapa. Bomba la plastiki dhaifu kabisa lililoandikwa PN10 linabeba bar 10 za maji baridi, na mnara wa mita 6 hauwezi kulisukuma hata kwa bar moja. Kinachoamua kama shawa itamwaga au itadondosha ni upana wa tundu ndani ya bomba.

Mtego wa kwanza uko dukani. Bomba la plastiki la PPR na HDPE huitwa kwa kipenyo cha nje, bomba la chuma lenye zinki (lile lililoandikwa GI) huitwa kwa inchi zinazokaribia tundu la ndani, na la shaba nalo huitwa kwa kipenyo cha nje, lakini kwa vile ukuta wake ni mwembamba halipotezi nafasi nyingi. Kwa hiyo PPR ya milimita 20, daraja la PN20, ina tundu la milimita 13.2. Chuma cha nusu inchi kina kama 16, na shaba ya milimita 15 ina kama 13.6. Mtu anayetoa chuma cha nusu inchi na kuweka PPR ya 20 akidhani ameongeza nafasi, amepunguza eneo la tundu kwa karibu theluthi moja.

Tuchukue nyumba moja tuipime. Tangi liko mita 3 juu ya shawa, bomba hadi bafu la mwisho lina mita 15, na tunataka shawa na bomba la sinki vifunguke pamoja, jumla lita 18 kwa dakika. PPR ya 20 PN20 ingehitaji kimo cha zaidi ya mita 6 kwa msuguano pekee. Hakipo, kwa hiyo lita hizo hazitafika kamwe. PPR ya 25 PN20, yenye tundu la 16.6, inakula kama mita 2.1, inakuachia chini ya mita moja, na elbo zitaimaliza. PPR ya 32 PN20, tundu 21.2, inakula kama mita 0.6, na hapo ndipo nyumba inaanza kuoga vizuri. Chuma kipya cha robo tatu inchi kinakula kama 0.85, na kadiri kutu inavyojijenga ndani namba hiyo hupanda mwaka hadi mwaka.

Sasa angalia jambo ambalo mafundi wengi hulipita. PPR ya 25 daraja la PN10 ina ukuta mwembamba, hivyo tundu lake ni milimita 20.4, karibu sawa na la 32 PN20. Kwa nyumba yetu inakula kama mita 0.76. Fitingi ni zile zile, kwa sababu zinakamata kipenyo cha nje. Kwa maji baridi ya tangi, kulipia PN20 ni kulipia plastiki inayokuzibia njia. PN20 ibaki kwenye maji ya moto, ambako plastiki ikipata joto hupoteza nguvu na unene una kazi yake. Ukiweza, fanya njia kuu ya baridi iwe 32 PN10, yenye tundu la milimita 26, kisha shuka hadi 25 kwenye matawi, na 20 iwe kipande kifupi tu cha mwisho kuelekea koki.

Elbo moja ya nyuzi 90 kwenye bomba la ukubwa huu huhesabiwa kama nusu mita hadi mita moja ya bomba la ziada. Elbo 6 zisizo za lazima zinaweza kula sehemu ya faida ya kupandisha ukubwa. Vali pia: ile ya kubana mpira kutoka juu, ambamo maji hupinda mara mbili, haifai kwenye tangi. Weka geti vali, au vali ya mkono unaozunguka robo mzunguko, na kabla ya kununua itazame ndani ikiwa wazi. Zipo ambazo shimo la tufe lake la ndani ni dogo kuliko la bomba, na kwa nje huwezi kujua.

Baada ya tundu, chagua kwa mahali bomba litakapopita. Sehemu ya nje inayopigwa na jua ndiyo inayoharibu PVC: huanza kupauka, kisha huwa kavu kama ganda la yai na kupasuka ukiigusa kwa nyundo. PPR nayo haipendi jua. HDPE nyeusi ina masizi ya kaboni yanayoilinda, hivyo ndiyo ninayoichagua kushuka kwenye mnara na kupita ardhini. Chuma kinafaa pale bomba linapoweza kugongwa au kukanyagwa, lakini kianzie kwenye kishikizo chake mwenyewe. Kikining'inia kwenye ukuta wa tangi la plastiki, uzito wake huvuta tundu la tangi, na uvujaji utaufukuza kila mwezi bila kujua chanzo. Ardhini chuma ni cha mwisho kuchagua.

Udhaifu wa chuma uko kwenye nyuzi za skrubu mwishoni mwa bomba. Fundi akikata nyuzi anaondoa zinki na kupunguza unene wa ukuta kwa pamoja, ndiyo maana kutu huchungulia kwanza kwenye soketi na kwenye nipo, kile kipande kifupi chenye nyuzi pande zote mbili. Dalili ni maji ya kahawia asubuhi kwa sekunde chache, kisha yanakuwa safi: yale yaliyolala usiku ndani ya bomba ndiyo yenye kutu, tangi halina kosa. Zinki huliwa haraka zaidi na maji ya moto na maji ya mvua, ambayo ni laini na yana asidi kidogo. Kama tangi lako ni la mvua, nenda plastiki. Shaba nayo huliwa na maji hayo, na huacha madoa ya kijani-buluu kwenye sinki.

Shaba na chuma cha zinki vikikutana, mwelekeo wa maji ndio sheria. Maji yakitoka kwenye shaba kuelekea chuma, yanabeba chembe za shaba zilizoyeyuka, nazo hutua kwenye zinki na kuitoboa vishimo vishimo, hata mita nyingi mbali na kiungo. Kuweka kiungo cha brasi kati yao hakuzuii hilo, kwa sababu shaba inasafiri ndani ya maji. Chuma kije kwanza, shaba ifuate, na kwenye kiungo weka yunioni, yaani kiungo kinachofunguka bila kuzungusha bomba, yenye kitenganishi cha plastiki. Kwenye mfumo unaorudisha maji ya moto kwa mzunguko hakuna aliye wa kwanza, kwa hiyo usivichanganye kabisa.

Mahali shaba inapojilipia ni kwenye mita za kwanza zinazotoka kwenye hita ya jua. Maji humo yanaweza kupita nyuzi joto 90 mchana wa jua kali usipoyatumia, na PPR imetengenezwa kuishi muda mrefu kwa takriban 70. PVC ya kawaida isikaribie hapo, kwani ikifika 60 tayari imepoteza nguvu nyingi. Baada ya kipande cha shaba na vali ya kuchanganya, PPR ya PN20 inaweza kuendelea, ila kumbuka inatanuka: mita 10 zikipanda nyuzi 40 hurefuka kama sentimita 6. Ikibanwa kila mahali itajikunja kama nyoka, kwa hiyo iache pembe moja huru icheze.

Kuunga PPR ni kwa joto la nyuzi 260. Kwa 20 pasha sekunde 5, kwa 25 sekunde 7, kwa 32 sekunde 8, bomba na fitingi kwa pamoja, kisha sukuma moja kwa moja bila kuzungusha na ushikilie. Kosa linaloumiza zaidi mfumo wa tangi ni kupasha kupita kiasi na kusukuma kupita alama: plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani na kuacha mdomo mwembamba. Kiungo kinaonekana kizuri kwa nje, hakivuji, lakini tundu limebaki nusu. Weka alama ya kina kwa penseli kabla ya kupasha, takriban milimita 14 kwa bomba la 20, 16 kwa 25 na 18 kwa 32. Kata kiungo kimoja cha majaribio katikati ukione ndani kabla fundi hajaendelea.

Kwenye nyuzi, usiskrubie chuma cha kiume ndani ya soketi ya plastiki tupu. Nyuzi za chuma ni za mshazari, hivyo kila ukikaza zinafungua plastiki kama kabari, na mpasuko huja baada ya siku kadhaa. Katani ni mbaya zaidi hapo, kwa kuwa ikilowa huvimba. Katani ibaki chuma kwa chuma. Kwa plastiki tumia adapta yenye kiini cha brasi, tepu nyeupe ikizungushwa kufuata mwelekeo wa kukaza, na spana ishike ile sehemu ya brasi yenye pembe sita.

Kwenye tangi lenyewe, tundu la kutolea maji liwe kama sentimita 5 juu ya kitako ili tope libaki chini, na tundu la kusafishia liwe chini kabisa. Mfuatano ni huu: kiungo cha tangi chenye raba, nipo, yunioni, vali, kisha bomba. Bila yunioni, kubadilisha vali kutakulazimisha kuzungusha kiungo cha tangi. Usipake rangi ya mafuta wala gundi ya PVC kwenye raba au ukuta wa tangi.

Bomba linalotoka tangini lishuke mfululizo. Likipanda hata sentimita 10 katikati, hewa hujikusanya kwenye nundu hilo, na kwa presha ndogo hivi maji yanaweza kushindwa kuifukuza. Bomba la plastiki lisiloshikwa hulegea na kutengeneza nundu lenyewe, hivyo weka klipu kila sentimita 70. Utalitambua tatizo hili kwa koki inayotema mate, kisha inakauka, huku tangi limejaa. Ukilazimika kupanda, toa bomba la hewa kwenye kilele cha nundu, lipande hadi juu ya mdomo wa tangi, liache wazi na ligeuze mdomo wake chini, ukiwa na wavu wa kuzuia wadudu.