Maswali na Majibu: Kontua, Mteremko na Kuonana kwa Sehemu Mbili

"Mistari ya kontua ikikaribiana maana yake ni mteremko mkali. Sasa mistari yangu imekaribiana sana. Je, mteremko huu ni mkali kiasi gani?"

Swali hili hunifikia mara nyingi, na mara nyingi huja bila skeli ya ramani na bila tofauti ya kimo kati ya kontua moja na inayofuata. Bila vitu hivyo viwili hakuna jibu, kwa sababu kukaribiana kwa mistari hulinganishwa ndani ya ramani moja tu. Chukua mistari iliyoachana kwa milimita 2. Katika ramani ya 1:50,000 yenye kontua za kila mita 20, milimita hizo ni mita 100 ardhini, na unapanda mita 20, kwa hiyo mteremko ni asilimia 20, yaani nyuzi zipatazo 11. Katika ramani ya mji ya 1:2,500 yenye kontua za kila mita 2, milimita zilezile ni mita 5 tu ardhini, na mteremko unakuwa asilimia 40. Katika ramani ya 1:250,000 yenye kontua za kila mita 50, unashuka hadi asilimia 10. Jicho limeona kitu kimoja mara tatu, ilhali ardhi ni tatu tofauti.

Nawaonya pia wanaotuma picha ya ramani iliyokuzwa kwenye simu au kupitishwa kwenye mashine ya fotokopi. Maandishi ya 1:50,000 yanabaki pale pale pembeni, lakini ukubwa umeshabadilika. Pima kwa miraba ya gridi iliyochapwa juu ya ramani yenyewe, kwa kuwa mraba wa kilomita moja hubaki kilomita moja hata ukikuzwa. Soma vilevile maelezo ya chini ya karatasi kabla ya kuhesabu lolote, kwani baadhi ya karatasi za zamani za Afrika Mashariki zina kontua za kila futi 50, ambazo ni mita 15 na kidogo, na mtu akizichukulia kuwa mita 20 atauona mlima mkali kuliko ulivyo.

"Barabara inayopendekezwa kijijini kwetu inakata kontua tano ndani ya sentimita 2 za ramani ya 1:50,000. Nimepata asilimia 10. Mhandisi anasema ni 8. Nani yuko sahihi?"

Mhandisi. Umehesabu mistari badala ya nafasi. Kutoka mstari wa kwanza hadi wa tano kuna nafasi nne za mita 20, ambazo ni mita 80 za kupanda, na sentimita 2 ni kilomita moja. Ukianza kuhesabu kutoka kontua ya kwanza, iite sifuri, na kosa hili halitarudi.

Hata hivyo, asilimia 8 hiyo ni wastani. Kati ya kontua mbili za mita 20, ramani haisemi chochote kuhusu namna ardhi inavyopanda. Panaweza kuwa na tambarare ya mita 150 kisha genge la mita 15 ambalo halikugusa kontua hata moja, na karatasi ikabaki imetulia kabisa. Kwa hiyo ramani inatosha kukataa njia mbaya, lakini haitoshi kuidhinisha njia nzuri. Yeyote anayeidhinisha barabara akiwa mezani, bila mtu kuitembea njia yenyewe, anacheza na fedha za wanakijiji.

"Mteremko wa asilimia 100 ni ukuta wima?"

Hapana, ni nyuzi 45.

"Nitajuaje kama kontua zilizopinda ni bonde au ni mgongo wa kilima?"

Soma namba za kimo. Ncha ya pindo ikielekea upande wa juu ni bonde, na ikielekea upande wa chini ni mgongo. Mto ukichorwa juu ya kile ulichokiita mgongo, anza upya.

"Shule yetu ipo milima ya Usambara na tunataka kurusha intaneti kwa antena hadi zahanati ya upande wa pili. Kwenye ramani ya 1:50,000 yenye kontua za kila mita 20, shule ipo juu ya kontua ya 1,680, zahanati juu ya kontua ya 1,800, na umbali ni sentimita 12. Sentimita 9 kutoka shuleni kuna mgongo ambao kontua yake ya juu kabisa ni 1,760. Fundi anasema zahanati ipo juu ya mgongo kwa mita 40, kwa hiyo hakuna tatizo. Tununue vifaa?"

Msinunue bado. Swali lenu limekuja na kila kipimo kinachohitajika, na ndiyo maana nalijibu kwa kirefu. Fundi amelinganisha mgongo na zahanati peke yake, ilhali mstari wa macho unaanzia shuleni, chini ya vyote viwili, na unapanda polepole. Kinacholinganishwa ni kiwango cha kupanda. Kutoka shuleni hadi zahanati ni kilomita 6 na kupanda kwa mita 120, yaani mita 20 kwa kila kilomita. Mgongo upo kilomita 4.5 kutoka shuleni, kwa hiyo mstari unapofika hapo umepanda mita 90 na upo kwenye kimo cha mita 1,770.

Mgongo wenyewe una kimo gani? Hapa ndipo wengi huandika 1,760 na kufunga daftari. Kontua ya juu kabisa ikiwa 1,760, ardhi iliyo ndani yake imeipita 1,760 lakini haijafika 1,780, kwa hiyo kilele kinaweza kuwa 1,762 au 1,779. Mstari wenu unapita katikati kabisa ya shaka hiyo. Kontua ya juu ingekuwa 1,740, ningesema ardhi haizuii, kwa sababu isingefika 1,760 na mngebaki na nafasi ya mita 10 na zaidi. Kontua ya 1,780 ingekuwapo, ningesema imezuia. Kwa hali ilivyo, ramani haina jibu, na anayewapa jibu kutokana nayo anakisia. Tazameni kwanza kama kuna namba ya kimo iliyochapwa juu ya kilele, maana mara nyingine ipo na watu huipita.

Yapo mambo mawili ambayo hamkuuliza. La kwanza ni miti. Kontua zinahusu ardhi, si majani, na mikaratusi iliyokomaa huongeza kwa urahisi mita 20 juu ya mgongo. La pili ni kwamba mawimbi ya redio yanahitaji nafasi kuzunguka mstari, si mstari mtupu. Kwa antena za gigahertz 5.8 katika umbali huu na mahali mgongo ulipo, acheni mita 5 hivi zikiwa tupu chini ya mstari. Sehemu mbili zinaweza kuonana vizuri kwa macho na bado mawasiliano yakawa dhaifu.

Mkilazimika kuweka mnara, uwekeni upande wa zahanati. Mgongo upo robo tatu ya njia kutoka shuleni, kwa hiyo kila mita 10 za mnara zahanati huinua mstari mita 7.5 juu ya mgongo, wakati mita 10 hizohizo zikisimamishwa shuleni huuinua mita 2.5 tu. Nimeona minara ikijengwa upande usio sahihi kwa sababu tu hapo ndipo ofisi ya mkuu ilipo. Tuchukue hali mbaya zaidi: kilele cha 1,779, miti ya mita 20 juu yake na mita 5 za mawimbi, jumla 1,804. Mnapungukiwa mita 34, na mnara wa zahanati utahitaji kufikia mita 45 hivi. Kwa gharama hiyo, ni afadhali kuweka antena ya kupokezana juu ya mgongo wenyewe.

Kabla ya yote, subirini siku yenye jua. Mmoja asimame zahanati na kioo, amulike kuelekea shuleni kwa dakika kadhaa, na mwingine atazame kwa darubini mahali antena itakapokaa. Msidanganyike na mtu atakayesimama juu ya mgongo na kusema anaziona shule na zahanati zote mbili. Hilo linathibitisha kwamba mgongo unaziona, si kwamba zenyewe zinaonana.

"Nasimama kileleni, kijiji kipo chini yangu moja kwa moja, na ramani haionyeshi kilima chochote katikati. Mbona sikioni?"

Kilima unachokitafuta umesimama juu yake. Tazama mpangilio wa kontua kutoka kileleni hadi kijijini. Zikiwa zimeachana karibu na kilele na kubanana karibu na kijiji, mteremko wako ni mbinuko: unaanza taratibu kisha unadondoka, na tumbo la mlima linaficha mguu wake. Zikibanana juu na kuachana chini, mteremko ni mbonyeo, na kutoka kileleni ungekiona kijiji chote. Katika mbinuko, sogea mbele hadi mahali kontua zinapoanza kubanana. Ukingo huo ndio mahali pa kutazamia, na walinzi wa misitu wanaojenga kibanda cha kuangalia moto kwenye kilele kwa sababu tu ni kilele huacha mteremko mzima bila jicho.

"Programu ya simu yangu inachora kontua za kila mita 5. Bila shaka ni sahihi kuliko karatasi ya mita 20?"

Wingi wa mistari hautokani na wingi wa vipimo. Kompyuta inaweza kuchora kontua za kila mita moja kutokana na data yoyote. Programu nyingi hutumia vimo vilivyopimwa kwa rada kutoka kwenye chombo cha angani mwezi Februari 2000, katika mradi wa SRTM, ambapo nukta moja inawakilisha eneo la mita 30 kwa 30 au zaidi. Kwenye msitu mnene rada hiyo ilisoma karibu na vilele vya miti badala ya udongo, kwa hiyo msitu uliofyekwa baadaye unaweza kubaki kwenye simu yako kama kilima kidogo. Uliza data imetoka wapi kabla ya kuziamini mita 5 hizo.

"Je, niuhesabu mviringo wa dunia?"

Kwa kilomita chache, hapana: katika swali la Usambara hapo juu unabadilisha matokeo kwa chini ya mita moja. Kwa masafa marefu huwezi kuukwepa. Ukijumlisha na kupinda kwa mwanga hewani, kitu kilicho kilomita 10 huonekana kimeshuka kwa mita 7 hivi, na umbali ukiongezeka maradufu, mshuko huongezeka mara nne. Kilele cha Kibo, mita 5,895, kipo takriban kilomita 200 kutoka Nairobi. Mshuko wa umbali huo ni kama mita 2,700, kwa hiyo kwa mtazamaji wa Nairobi aliye kwenye mita 1,700 hivi kilele kinasimama kama kingekuwa na mita 3,200, na asubuhi yenye hewa safi huonekana. Vilima vya katikati navyo vipunguzwe, kila kimoja kwa umbali wake: kilima cha mita 2,000 kilicho kilomita 50 mbele yako hushuka mita 170 tu, na mstari wa kuelekea Kibo hukipita juu kwa zaidi ya mita 200. Anayepunguza kilele cha mbali na kusahau vilima vya karibu, au anayepunguza vyote kwa kiasi kimoja, atapata jibu lisilo sahihi.