Basi Limekufa Njiani: Makosa Mawili ya Taarifa Yangu

Nilikuwa nikitoka Mtwara kwenda Dar es Salaam. Tulipoipita Kiranjeranje, kabla ya kufika Nangurukuru, kengele ya upepo wa breki ililia, mshale wa geji ukaporomoka kutoka 8 hadi chini ya 4, kisha magurudumu ya nyuma yakajikaza yenyewe. Mama mmoja aliyesimama kuchukua mfuko kwenye keria alianguka, akagonga mkono kwenye chuma cha kiti.

Jioni ile niliandika kwenye taarifa ya tukio kwamba "breki zilifeli". Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na lilinigharimu wiki nzima ya maelezo, kwa kuwa msomaji wa taarifa huelewa kwamba dereva alikanyaga breki na gari halikusimama. Kwangu ilikuwa kinyume chake. Ndani ya chemba za breki za nyuma mna springi kubwa ambayo huzuiwa na upepo, na mpira unaopeleka upepo huo ukipasuka, springi hiyo hufunga breki bila dereva kugusa kitu. Kwa hiyo andika ulichokiona kwa mfuatano wake, yaani kengele, geji, kisha magurudumu, na sababu mwachie fundi. Mpira uliopasuka upige picha ungali mahali pake, kwa maana ukishafunguliwa hakuna atakayeamini ulitoka wapi.

Kosa la pili lilikuwa la saa. Tulisimama saa 4:40 asubuhi mahali pasipo na mtandao, na konda akapanda bodaboda kurudi Kiranjeranje kupiga simu. Simu yake ilionyesha 11:12, nami nikainakili hivyo hivyo, ilhali saa nyingine zote nilikuwa nimeziandika kwa Kiswahili. Kwa kuwa basi la kutuokoa lilifika saa 9:15 alasiri, taarifa yangu ilisema kwamba tuliomba msaada saa 11:12 jioni, karibu saa mbili baada ya msaada kufika! Ukweli ni saa 5:12 asubuhi, dakika 32 baada ya kusimama, na ucheleweshaji uliobaki, wa saa nne na dakika tatu, haukuwa wetu. Chagua mtindo mmoja wa saa, na kila unapoandika saa ongeza asubuhi, mchana au jioni.

Kuhusu majeruhi, usiandike "amevunjika" kama hujaona majibu ya daktari. Mimi niliandika maneno ya mama mwenyewe, kwamba mkono ulitoa mlio na vidole vinakufa ganzi, na kwamba tuliufunga kwa kanga juu ya kipande cha boksi. Niliandika pia kwamba aliondoka saa 6:05 mchana kwa pikapu ya msamaria, pamoja na namba ya gari hilo na jina la abiria aliyemsindikiza. Abiria huyo ndiye aliyepitia naye polisi kuchukua fomu ya PF3 kabla ya hospitali, na nakala yake niliibana nyuma ya taarifa.